Odi Moja, Maandishi Matatu

Leicester City walipoanza msimu wa 2015/16 wa Ligi Kuu ya England, kampuni kadhaa za kubeti za Uingereza ziliwapa odi ya 5000/1 ya kutwaa ubingwa, na wakautwaa. Kwenye simu ya anayebeti Dar es Salaam au Nairobi, odi hiyo ingesomeka 5001.00. Mmarekani angeiona kama +500000. Tarakimu zinatofautiana, bei ni ileile.

Kanuni ya kuzisoma zote ni moja: dau ligawanywe kwa malipo yote, yaani dau pamoja na faida. Jibu ndilo uwezekano uliomo ndani ya odi.

Odi za sehemu, ambazo Waingereza wamezizoea hasa kwenye mbio za farasi, hutaja faida peke yake. Odi ya 5/2 maana yake ni kwamba kila shilingi 2 za dau huzaa faida ya shilingi 5. Mshindi hupokea 7, kwa sababu dau lake pia hurudi. Basi uwezekano ni 2 kwa 7, yaani asilimia 28.6. Hapa ndipo wengi hujikwaa: huiona 4/1 wakadhani ni robo, asilimia 25, kumbe wamesahau kulijumlisha dau. Ni 1 kwa 5, asilimia 20. Wasomaji wa hesabu wasishangae pia kukuta 6/4 haijarahisishwa kuwa 3/2; ni mazoea ya zamani tu ya viwanja vya farasi.

Odi za desimali, zilizozoeleka Afrika Mashariki, ndizo rahisi kuliko zote kwa sababu dau limeshajumlishwa humo. Odi ya 3.50 kwa dau la shilingi 1,000 hulipa shilingi 3,500, na faida ni 2,500. Kupata uwezekano, 1 igawanywe kwa odi: 1 ÷ 3.50 ni asilimia 28.6, sawasawa na ile 5/2. Ndiyo maana sehemu hugeuzwa desimali kwa kugawanya, kisha kuongeza 1.

Odi za Kimarekani, au manilaini, huzunguka kwenye 100, na alama iliyo mbele ndiyo inayoamua namna ya kuzisoma. +250 ni faida ya 250 kwa dau la 100, hivyo uwezekano ni 100 ÷ 350, ile asilimia 28.6 tena. Alama ya kutoa humhusu anayepewa nafasi kubwa: -125 humtaka mtu aweke 125 ili apate faida ya 100. Malipo yote ni 225, na 125 ÷ 225 ni asilimia 55.6. Kwa desimali hiyo ni 1.80. Anayezichanganya alama hizo atamgeuza timu dhaifu yule anayetarajiwa kushinda.

Uwezekano huo, hata hivyo, ni bei ya muuzaji, na ndani yake mna faida yake. Tuseme mechi moja imewekewa odi 2.10 kwa wenyeji, 3.20 kwa sare na 3.60 kwa wageni. Zikigeuzwa, zinatoa asilimia 47.6, 31.3 na 27.8. Jumla ni kama 106.7, ilhali matokeo yote ya mechi moja hayawezi kuzidi 100. Ile ziada ya takriban 6.7 ndiyo sehemu ya kampuni.

Njia rahisi ya kuiondoa ni kugawanya kila uwezekano kwa jumla. Wenyeji: 47.6 ÷ 106.7, karibu asilimia 44.6. Sare inashuka hadi 29.3, wageni hadi 26. Hesabu hii huchukulia kwamba ziada imegawanywa kwa uwiano kwenye matokeo yote, jambo ambalo si lazima liwe kweli. Mara nyingi timu zisizotarajiwa hubebeshwa sehemu kubwa zaidi. Na hata baada ya kusafishwa, namba hizo hubaki kuwa makadirio ya soko.

Kwenye mkeka ziada hiyo huongezeka, kwa kuwa odi huzidishwa pamoja na kilichomo ndani yake. Mkeka wa mechi 5, kila moja ikiwa na ziada kama hiyo, unazidisha 1.067 yenyewe kwa yenyewe mara 5 na kufikia takriban 1.38. Mkeka ambao kwa bei ya haki ungelipa shilingi 138,000 hulipa 100,000, hata kama mechi zote 5 zimeingia.