Kila Kitufe Mara Moja: Namna ya Kuzima Taa 25

Mwaka 1995 kampuni ya Kimarekani ya Tiger Electronics ilitoa kichezeo cha mkononi kilichoitwa Lights Out. Kina vitufe 25 vya mraba, mistari mitano yenye vitufe vitano vitano, na ndani ya kila kitufe mna taa ndogo. Ukikiwasha, baadhi ya taa zinawaka, na kazi yako ni kuzizima zote. Sharti ni moja: ukibonyeza kitufe, taa yake inageuka, na pamoja nayo zinageuka taa za juu, chini, kushoto na kulia kwake. Iliyokuwa inawaka inazimika, iliyokuwa imezimika inawaka. Kitufe cha kona hugeuza taa tatu, cha ukingoni nne, cha ndani tano. Siku hizi mchezo huu uko kwenye simu, na hata bila simu unaweza kuucheza mezani kwa vifuniko 25 vya soda: kilicholala chali ni taa inayowaka, kilicholala kifudifudi ni taa iliyozimika.

Anayeanza hubonyeza taa inayomkera. Inazimika, lakini majirani wanawaka. Anawafuata majirani, ile ya kwanza inarudi kuwaka. Akihangaika hivyo kwa muda huanza kuamini kwamba siri iko kwenye mpangilio wa hatua: hiki kwanza, kisha kile, kisha urudie hiki. Imani hiyo ndiyo inayomkwamisha, kwa sababu mpangilio hauna kazi yoyote hapa.

Itazame taa moja tu, tuseme ya katikati kabisa. Vitufe vinavyoweza kuigusa ni vitano: chake chenyewe na vya majirani zake wanne. Kila kimojawapo kikibonyezwa, inageuka. Ikigeuzwa mara mbili inarudi ilivyokuwa, na ikigeuzwa mara tatu ni sawa na kugeuzwa mara moja. Kwa hiyo, mwishoni, jambo moja tu ndilo linaloamua kama taa hiyo inawaka: je, mibonyezo iliyoigusa kwa jumla ni shufwa au witiri? Kipi kilitangulia na kipi kilifuata, taa haijui.

Hapo pana mambo mawili. Kwanza, ukiwa na seti ya vitufe inayozima taa zote, unaweza kuvibonyeza kuanzia juu, kuanzia chini au ovyo ovyo, na matokeo yatakuwa yale yale. Pili, kwa kuwa mpangilio hauna kazi, mibonyezo miwili ya kitufe kimoja unaweza kuileta karibu karibu hata kama ilifanyika mbalimbali, nayo inafutana. Kitufe kilichobonyezwa mara mbili ni kama hakikuguswa. Kilichobonyezwa mara saba ni kama kilibonyezwa mara moja. Jibu la fumbo, basi, ni orodha ya vitufe 25, na mbele ya kila kimoja neno moja: ndiyo au hapana. Hakuna jibu linalohitaji zaidi ya hapo.

Orodha za namna hiyo ni nyingi mno kujaribiwa moja moja: 33,554,432. Lakini tazama mstari wa juu. Ukishaamua vitufe vyake, taa inayobaki ikiwaka katika mstari huo inaweza kuzimwa na kitufe kimoja tu kati ya vilivyobaki, nacho ni kile kilicho chini yake moja kwa moja. Huna hiari. Mstari wa kwanza unaulazimisha wa pili, wa pili unaulazimisha wa tatu, na kuendelea hadi wa tano. Kwa hiyo uamuzi wa kweli uko kwenye vitufe vitano vya juu, na maamuzi yanayowezekana ni 32 tu. Kwangu mimi huu ndio uzuri wa fumbo lote: mamilioni yanashuka hadi 32 kwa sababu tu kitufe hakina haja ya kurudiwa.

Wachezaji wazoefu huutumia ukweli huo kwa kuzisukuma taa chini. Tuchukue mfano ambao wengi huuona ni mgumu, ubao wenye taa zote 25 zikiwaka. Nafasi katika kila mstari nitazihesabu kutoka kushoto, 1 hadi 5.

Mstari wa juu hatuugusi kwanza. Taa zake zote zinawaka, hivyo tunabonyeza vitufe vyote vitano vya mstari wa pili, na mstari wa juu unazimika. Sasa katika mstari wa pili zimebaki taa za nafasi ya 1 na ya 5, kwa hiyo tunabonyeza 1 na 5 za mstari wa tatu. Katika mstari wa tatu zimebaki 1, 2, 4 na 5, tunabonyeza hizo hizo katika mstari wa nne. Mstari wa nne unabaki na 2, 3 na 4, nazo tunazizima kwa kubonyeza 2, 3 na 4 za mstari wa tano. Ukifanya hivyo kwa vifuniko utaona ubao mzima umelala kifudifudi isipokuwa viwili, vya kona mbili za chini.

Wengi hukata tamaa hapo, maana chini ya mstari wa tano hakuna mstari mwingine wa kusukumia. Kumbe mabaki hayo ni taarifa. Yanakuambia kwamba uamuzi wa mstari wa juu, yaani kutobonyeza chochote, haukuwa sahihi, na yanakuambia pia urekebishe wapi. Chukua ubao uliozimika wote, bonyeza kitufe cha 1 cha juu, kisha sukuma taa hadi chini: zitabaki 2, 3 na 5. Anza na kitufe cha 2, zitabaki 1, 2 na 3. Anza na cha 3, zitabaki 1, 2, 4 na 5. Cha 4 na cha 5 ni kama hivyo hivyo ukitazama kutoka upande wa kulia: cha 4 huacha 3, 4 na 5, na cha 5 huacha 1, 3 na 4. Ukibonyeza viwili kwa pamoja, mabaki yao yanachanganyika, na taa iliyomo katika yote mawili inafutika. Ndiyo maana 1 na 2 kwa pamoja huacha 1 na 5 tu, na 1 na 4 kwa pamoja huacha 2 na 4.

Mabaki ni hayo saba, pamoja na hali ya kutobaki kitu. Ukiyaona chini, rudi juu ubonyeze kitufe au vitufe vinavyozaa mabaki hayo hayo, kisha usukume tena. Mabaki mapya yataangukia juu ya ya zamani na yote yatafutika.

Sisi tulibaki na 1 na 5, hivyo tunabonyeza 1 na 2 za mstari wa juu na kuanza upya. Juu inawaka taa ya 3 tu, tunabonyeza 3 ya mstari wa pili. Mstari wa tatu tunalazimika kubonyeza 1, 3 na 4. Wa nne 1, 3 na 5. Wa tano 4 na 5. Taa zote zimezimika.

Sasa hesabu. Awamu ya kwanza ilikuwa na mibonyezo 14, ya pili 11, jumla 25. Lakini vitufe vitano vilibonyezwa katika awamu zote mbili: cha 3 cha mstari wa pili, cha 1 cha mstari wa tatu, cha 1 na cha 5 vya mstari wa nne, na cha 4 cha mstari wa tano. Hivyo vitano havikuhitajika kuguswa kabisa. Viondoe, mibonyezo 10 inaanguka, zinabaki 15, kila kitufe mara moja: mstari wa kwanza 1 na 2, wa pili 1, 2, 4 na 5, wa tatu 3, 4 na 5, wa nne 2, 3 na 4, wa tano 2, 3 na 5. Washa taa zote upya, vibonyeze hivyo 15 kwa mpangilio wowote unaoupenda, nazo zitazimika. Kwa ubao huu hakuna jibu fupi kuliko hilo.

Huenda umejiuliza kwa nini mabaki ni saba tu wakati mstari wa vitufe vitano una maamuzi 32. Sababu ni kwamba kuna mibonyezo isiyobadilisha kitu. Bonyeza nafasi za 1, 3 na 5 katika mstari wa kwanza, wa pili, wa nne na wa tano. Umebonyeza vitufe 12 na ubao umebaki vilevile, kwa sababu kila taa imeguswa mara shufwa. Vivyo hivyo ukibonyeza nafasi za 1, 2, 4 na 5 katika mstari wa kwanza, wa tatu na wa tano. Mipangilio hii kimya inaweza kuongezwa juu ya jibu lolote bila kuliharibu, na ndiyo maana kila ubao wenye jibu una majibu manne.

Mipangilio hiyo hiyo hukuonyesha ubao usio na jibu. Kwa kuwa kila taa hupakana na idadi shufwa ya vile vitufe 12, geuza maneno: kitufe chochote utakachobonyeza kitagusa idadi shufwa ya zile taa 12. Basi kama taa zinazowaka kati ya hizo 12 ni witiri, zitabaki witiri hata ukibonyeza hadi kesho, na sifuri hutaifikia kamwe. Kipimo cha pili hufanywa kwa mpangilio wa pili. Ubao unaovifaulu vyote viwili una jibu. Unaoshindwa hata kimoja hauna. Mwaka 1998 Marlow Anderson na Todd Feil walieleza haya kwa aljebra katika jarida la Mathematics Magazine: ni robo tu ya hali zote, yaani 8,388,608, zinazoweza kuzimwa. Ubao wenye taa zote zikiwaka haumo hatarini, kwani Klaus Sutner alithibitisha mwaka 1989 kwamba huo una jibu daima, hata ubao uwe na umbo gani.

Ukubwa ukibadilika, orodha ya mabaki hubadilika nayo. Ubao wa tatu kwa tatu hauna mpangilio kimya hata mmoja, hivyo kila hali ina jibu moja tu. Wa nne kwa nne una jibu katika hali moja kwa kila 16. Kusukuma chini hakubadiliki. Mabaki tu ndiyo utakayoyatafuta upya, ukianza na ubao uliozimika na kitufe kimoja kimoja cha juu.

Ukitaka kujaribu vipimo vile viwili, washa taa moja tu kwenye ubao wa 25. Ya katikati inazimika. Ukiisukuma itakuachia kona mbili za chini, mabaki ambayo tayari unayajua dawa yake. Nne zinazopakana nayo kona kwa kona pia zinazimika. Nyingine 20 zote hazizimiki zikiwa peke yake. Washa ile ya kona ya juu kushoto na uisukume hadi chini: itabaki taa moja kwenye kona ya chini kulia, na taa moja ya namna hiyo haimo katika yale mabaki saba.