Mteja Ameridhia Nini?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023. Tuseme duka la mtandaoni la Mwanza linapeleka mabuibui Ukerewe, na sera yake yasema: “Mtumiaji anaridhia uchakataji wa taarifa zake.” Ni Kiswahili, lakini mama wa Nansio hajui ameridhia nini. Mfasiri aandike: “Namba yako ni ya kukupigia mzigo ukifika. Ukitaka matangazo, weka alama hapa. Ukiacha wazi, mzigo utafika vilevile.”

Maneno “kwa muda unaofaa” hayafasiriki mpaka mwenye duka aulizwe ni siku ngapi. Wala haki ya kufutiwa isiahidiwe kupita kiasi, kwani kumbukumbu za kodi hutunzwa miaka 5: “Ukiomba, tutafuta yote isipokuwa risiti. Usiporidhika, lalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.”