Pengo Linaloifanya Orodha Iruke

Mhariri wa vipindi katika kituo cha redio anapanga saa moja ya matangazo kwenye kompyuta. Kila wimbo una mstari wake mfupi. Tangazo la msiba au la mnada lina mstari mrefu zaidi, kwa sababu maandishi yake yote yanaonekana. Anaukamata wimbo wa tatu kwa kipanya ili aushushe chini ya tangazo. Kabla hata hajausogeza, mistari yote ya chini inapanda ghafla, na anapouachia inashuka tena. Akienda polepole, wimbo na tangazo vinapishana huku na huku mpaka anakata tamaa na kuachia popote.

Orodha za kuburuta ziko kila mahali, na wengi tumeshazoea kudhani kwamba mkono wetu ndio mbaya. Mara nyingi mkono hauna hatia. Mstari unapoinuliwa, hutolewa kwenye mpangilio wa ukurasa ili uelee juu ya mingine na kukifuata kipanya. Mahali ulipokuwa, programu huweka kipande kitupu cha kushika nafasi, kama mtu anayeacha kapu lake kwenye foleni ya maji. Kipande hicho kikiwa na kimo tofauti na cha mstari ulioondoka, kila kilicho chini yake lazima kisogee.

Tuutazame mkasa huu ndani ya jQuery UI, maktaba ya programu iliyotoka mwaka 2007 ambayo hadi leo imo katika kurasa nyingi za usimamizi. Sehemu yake ya kupanga orodha huitwa Sortable. Ukiiacha ilivyo, hainakosea sana: pengo hurithi mtindo wa mstari ulioinuliwa, hupewa kimo chake, kisha hufichwa lisionekane. Balaa huanza msanii wa ukurasa anapotaka pengo lionekane, tuseme kama kisanduku chenye mpaka wa vidoti. Hapo hutaja mtindo mpya kwa ajili ya pengo, na kuanzia dakika hiyo Sortable hairithishi tena mtindo wa zamani wala haipimi kimo. Kisanduku hakina maandishi ndani, basi kinabaki na unene wa mpaka wake tu: pikseli 1 juu, pikseli 1 chini.

Dawa iliyoandikwa kwenye maelezo ya maktaba ni chaguo liitwalo `forcePlaceholderSize`. Wengi huliwasha, wanaona mruko umepungua, wanaridhika. Umepungua, haujaisha. Mstari wa wimbo wetu una kimo cha pikseli 56: maandishi 30, nafasi tupu ya ndani 12 juu na 12 chini, na mpaka wa pikseli 1 kila upande. Chaguo hilo hunakili kimo cha maandishi peke yake, yaani 30, likiacha nje nafasi ya ndani na mpaka. Pengo likiongeza mpaka wake, linafika 32. Zimepotea pikseli 24, na hizo ndizo mistari ya chini inazopanda mhariri anapoinua wimbo.

Tiba kamili ni kupima mstari mzima, mpaka wake ukiwemo, na kulipa pengo kimo hichohicho mara tu uburutaji unapoanza:

```
start: function (e, ui) {
  ui.placeholder.outerHeight(ui.item.outerHeight());
}
```

Angalia kwamba `outerHeight` imetumika pande zote mbili. Mtu akipima kwa `outerHeight` halafu akaweka kwa `height`, pengo litapewa 56 kama kimo cha ndani, na mpaka utaongezeka juu yake: 58. Mistari sasa itashuka pikseli 2 badala ya kupanda 24, kosa dogo ambalo jicho huliona kama mtetemo. Waandishi wa WordPress, ambao ukurasa wao wa kupanga menyu unatumia Sortable hiyohiyo, walikumbana na hesabu hii. Katika msimbo wao hupima kila kitu kisha huondoa 2 kwa ajili ya mipaka. Nafasi ya nje kati ya mstari na mstari, `margin`, haimo katika kipimo hiki hata kidogo, kwa hiyo mtindo wa pengo uandikiwe ileile ya mistari.

Lakini kule kupishana huku na huku kunatoka wapi? Hapa ndipo pengo linapoonyesha kazi yake ya pili, ambayo wengi hawaijui. Tuchukue kanuni rahisi: wimbo unapita chini ya tangazo pale kipanya kinapovuka katikati ya tangazo, na unarudi juu kikivuka katikati hiyo kurudi nyuma. Pengo lenye pikseli 56 liko juu, tangazo lenye pikseli 176 liko chini yake. Katikati ya tangazo ni pikseli ya 144. Kipanya kikiivuka, tangazo linapanda kuchukua nafasi ya pengo, na katikati yake mpya inakuwa 88. Ili kurudisha mambo yalivyokuwa, kipanya lazima kirudi juu hadi 88. Kati ya kwenda na kurudi kuna pikseli 56 za usalama, na hizo ni kimo cha pengo chenyewe.

Sasa weka pengo la pikseli 2. Katikati ya tangazo ni 90 kabla ya kupishana, 88 baada yake. Usalama ni pikseli 2, na kidole gumba kwenye kioo cha simu hutetema zaidi ya hapo hata kikijaribu kutulia. jQuery UI hujikinga kidogo kwa kuangalia pia kipanya kinaelekea wapi, lakini ina udhaifu mwingine: hupima mahali pa mistari kabla ya kuweka pengo, na huvitunza vipimo hivyo mpaka mstari wa kwanza upishane. Pengo likiwa fupi, tangazo limeshapanda machoni pa mhariri huku programu ikiamini bado liko palepale. Upishano wa kwanza unachelewa, unaofuata unawahi, na mtu anahisi orodha ina akili zake.

Kuthibitisha si kazi. Kwenye zana za msanidi za kivinjari, soma `getBoundingClientRect().top` ya mstari ulio chini ya ule unaotaka kuuinua. Uinue kidogo bila kuupeleka popote, usome tena. Namba zikitofautiana, pengo lina kosa, na tofauti yenyewe inakuambia kilichosahaulika: 24 ni nafasi ya ndani, 2 ni mpaka, na kimo kizima cha mstari ni ukosefu wa pengo lenyewe.

Majedwali yana ugonjwa wake, ambao hesabu ya kimo haiutibu. Mstari wa jedwali ukitolewa kwenye mpangilio, vyumba vyake havifuati tena upana wa safu wima. Hujikunja kulingana na maandishi yake. Na kama ndio uliokuwa na neno refu kuliko yote, safu iliyobaki nyuma nayo hupungua, jedwali zima likatikisika kwa upana. Hapo msanidi huandika upana wa kila chumba kabla ya kuinua mstari, na pia hulifunga jedwali kwa `table-layout: fixed` na kuzipa safu upana wake, ili maandishi yasiwe na sauti katika jambo hilo.