Almasi za Free Fire bila kadi ya benki: M-Pesa au vocha?

Likizo iliyopita nilikwenda Bungoma kumtazama dada yangu. Ameolewa huko na ana duka dogo la nguo. Nilimkuta mwanawe wa miaka 15 amejikunyata pembeni, hasemi na mtu. Kumbe alikuwa amempelekea shilingi 500 mtu aliyemjua kwa Facebook tu, aliyedai yuko Kitale na anauza almasi za Free Fire kwa bei ya kutupa. Pesa zilitoka kwa simu ya mamake, ile ile inayopokea malipo ya wateja. Muuzaji alipozipata akamwambia, nipe na neno la siri la Facebook nikuingizie almasi. Mtoto akampa. Almasi hazikuja, na akaunti aliyoichezea miaka miwili ikawa si yake tena.

Tuliupeleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 tukiomba pesa zirudishwe, lakini zilikuwa zishatolewa. Namba ya yule mtu tukairipoti 333. Akaniuliza, "Sasa mjomba, sisi hatuna kadi ya benki, ningenunua vipi?"

Swali lake ni la haki, kwani wengi wetu hatuna kadi. Lakini kwa simu ya Android, Google Play hapa Kenya inapokea M-Pesa yenyewe, bila kupitia kwa mtu wa kati. Ukifungua Google Play, bonyeza picha yako juu, ingia `Payments & subscriptions`, kisha `Payment methods`, na hapo utaiona M-PESA. Unaandika namba ya simu. Ukinunua almasi ndani ya mchezo, ujumbe wa M-Pesa unatokea kwenye simu ukionyesha kiasi na anayelipwa, nawe unatia namba yako ya siri. Kiasi kikiwa si kile ulichokiona kwenye mchezo, usitie chochote.

M-PESA ikikosa kuonekana, mara nyingi sababu ni nchi ya akaunti. Vijana hutumia VPN wakitafuta bei rahisi za nchi nyengine, akaunti ikahesabika si ya Kenya. Na Google hairuhusu kubadilisha nchi ila mara moja kwa mwaka, kwa hivyo ujanja huo unaweza kumfungia mtu njia kwa muda mrefu.

Njia ya pili ni vocha. Hapo hapo kwenye `Payment methods` utaona jina la mtandao wako, kama vile Safaricom, na pesa hukatwa kwenye salio la laini iliyo ndani ya simu. Bando la intaneti halihesabiki. Lazima iwe vocha yenyewe. Njia hii ni nyepesi, na wepesi huo ndio unaonitia wasiwasi. M-Pesa inakuuliza namba ya siri kila mara. Vocha haikuulizi ya M-Pesa, na mtoto akibonyeza mara tatu, salio limekwenda mara tatu.

Kinga iko kwenye Google Play, sehemu ya `Settings`, ambako kuna mpangilio wa kuthibitisha kila ununuzi kwa neno la siri la akaunti ya Google au kwa alama ya kidole. Weka kwa kila ununuzi, na kidole kiwe cha mzazi, kwani nimeona simu nyingi zimesajiliwa kidole cha mtoto kwanza! Ukichagua vocha, tia kiasi kinachotosha kununua kile kimoja tu. Kama furushi ni shilingi 250, usiache vocha ya 1,000 ikilala hapo. Kosa likitokea, omba kurudishiwa kwenye Google Play ndani ya saa 48, kabla almasi hazijatumiwa. Ukikubaliwa, kilicholipwa kwa vocha kwa kawaida hurudi kama vocha, si pesa taslimu, na huenda ikachukua siku kadhaa.

Wapo pia wauzaji wanaoingiza almasi kwa namba ya mchezaji, ile inayoonekana kwenye ukurasa wake ndani ya mchezo. Namba hiyo peke yake inatosha. Anayetaka neno la siri, au tarakimu zilizokuja kwa ujumbe, anataka akaunti. Na kabla ya kutuma pesa, M-Pesa hukuonyesha jina la anayepokea. Yule wa "Kitale" alijiita jina la kiume, na jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. Mtoto aliliona, akadhani ni la mkewe.

Tulikaa kwenye benchi la duka tukaweka mambo sawa. M-Pesa ikaingia Google Play, kidole kikawa cha dada peke yake, na Fuliza akaizima, asije akanunua almasi kwa deni. Akaunti ya zamani bado tunahangaika nayo. Dada amekubali furushi moja kila mwisho wa mwezi, akifunga hesabu za duka.