Yuro 992 kwa Mwezi: Bajeti ya Mwanafunzi Aliye Ujerumani

Viza imetoka, tiketi ya ndege iko mkononi, na familia imeshachanga. Wanafunzi wengi wanaotoka Kenya kwenda kusoma Ujerumani huwa wameweka yuro 11,904 kwenye akaunti maalum iitwayo Sperrkonto. Pesa hiyo ni ya mwaka mzima, na mwanafunzi huachiliwa yuro 992 tu kila mwezi. Ukiisikia hivyo, unaona bajeti ishajipanga yenyewe. Shida ni kwamba gharama za kule haziji kwa mafungu sawa kama hiyo pesa.

Mwezi wa kwanza ndio huumiza zaidi. Akaunti ile haifunguki siku unapotua. Kwa kawaida, lazima kwanza ujiandikishe kama mkazi, ufungue akaunti ya kawaida ya benki, kisha uombe pesa zianze kuingia. Hilo laweza kuchukua wiki kadhaa, na mwenye nyumba hangoji. Anadai kodi pamoja na dipoziti, ambayo kisheria inaweza kufika hadi kodi ya miezi mitatu. Kwa hivyo bajeti ya kweli huanzia hapa nyumbani: tenga pesa ya dipoziti na ya kula mwezi mmoja, nje kabisa ya zile 11,904.

Ukitafuta chumba mtandaoni utaona bei mbili. Kaltmiete ni kodi tupu, na Warmmiete ni kodi pamoja na joto, maji na taka. Bajeti yako itumie ya pili, na uulize kama stima na intaneti zimo, maana mara nyingi hazimo. Hata ukilipa hiyo Warmmiete, pesa ya joto huwa ni makadirio. Mwaka ukiisha mwenye nyumba hupiga hesabu, na ukiwa uliwasha hita usiku kucha, unaletewa barua ya kuongeza pesa. Vyumba vya hosteli za wanafunzi mara nyingi hutoza bei moja isiyobadilika, ndiyo maana foleni yake ni ndefu. Omba mapema, hata kabla viza haijatoka.

Sasa tuchukue mfano wa msichana anayeishi na wenzake wawili kwenye nyumba moja. Chumba chake ni yuro 340, stima na intaneti zikiwemo. Bima ya afya, ambayo ni lazima, ni 145. Chuo chake kinatoza ada ya muhula ya yuro 300 kila miezi sita, na ndani yake mna tiketi ya treni na basi. Hiyo nayo anaihesabu kama 50 kila mwezi, ingawa italipwa mara mbili tu kwa mwaka. Chakula, akijipikia, ni 220.

Kuna ada ya redio na televisheni pia, yuro 18.36 kwa mwezi, hata kama huna televisheni. Inalipwa kwa kila nyumba, si kwa kila mtu, kwa hivyo wao watatu wanagawana na kila mmoja anatoa sita na kitu. Barua yake ikija usiitupe ukidhani ni tangazo. Deni hulimbikizwa tangu siku uliyohamia.

Kwa simu, anatumia laini ya kulipia kabla, bando la yuro 10. Angalia vizuri hapo: mabando mengi ya huko ni ya wiki 4, si mwezi, kwa hivyo analipa mara 13 kwa mwaka. Weka 11 kwenye bajeti. Mkataba wa miaka miwili wenye simu mpya huonekana rahisi mwanzoni, lakini kuutoka ukikwama ni kazi.

Jumla yake ni kama 772, na zinabaki 220. Kati ya hizo, 100 zinaenda akaunti ya pembeni kwa mambo yasiyo na ratiba: koti na viatu vya baridi, barua ya joto, na kibali cha ukaazi ambacho kukiongeza hugharimu hadi yuro 100. Zile 120 ndizo za nguo, sabuni, vitabu na kutembea kidogo.

Mzazi, ukiongezea kutoka kwa simu yako, usiangalie ada ya kutuma peke yake. Angalia yuro ngapi zitaingia upande wa pili, kwa sababu kiwango cha kubadilisha fedha kinaweza kukula zaidi ya ada yenyewe. Kutuma mara moja badala ya vijisehemu vinne mara nyingi huokoa kitu. Halafu kumbuka kodi ya huko kwa kawaida hutakiwa kufika siku ya tatu ya kazi ya mwezi. Tuma kabla ya tarehe 27, hasa mwezi ukiishia wikendi.