Ikisiri ya Mada ya Kongamano

Ikisiri ya mada ya kongamano huwa fupi, mara nyingi maneno 150 hadi 300, na waandaaji huisoma pamoja na nyingine nyingi. Kwa hiyo sentensi ya kwanza hubeba tatizo lenyewe. Mtafiti wa mwani wa Zanzibar anayeanza kwa kueleza kwamba kilimo hicho ni muhimu kwa uchumi amepoteza nafasi, kwa sababu kamati inalijua hilo. Afadhali aanze hivi: mwani aina ya kotonii hufa katika maji ya kina kifupi yanapopata joto kali. Kisha aseme alichofanya, yaani kuupanda kwenye maji ya kina kirefu zaidi, alichokiona, na mahali matokeo yake yanapokomea. Ahadi ya kwamba matokeo “yatajadiliwa” huonyesha kuwa kazi bado haijaiva, na kamati huitambua upesi.

Sababu za mada kuwafaa wasikilizaji huandikwa kando, kwenye barua kwa mwandaaji, na hapa ndipo wengi hukosea: hujisifu wao badala ya kuwataja watakaokuwa ukumbini. Wakiwa maafisa ugani, barua itaje watakachoweza kuwafundisha wakulima, kama vile kamba, vyelezo na haja ya boti. Wakiwa wanabiolojia, ioneshe vipimo vya joto na namna vilivyochukuliwa. Utafiti ni uleule. Ikisiri yenyewe nayo ibadilishwe ifuate barua, la sivyo zitapingana.