Swichi Moja Iliyotumika Inavyofuta VLAN za Mtandao Mzima

Katika chuo chenye ofisi ya uhasibu, maabara ya wanafunzi na simu za mezani, vifaa vyote hivyo vinaweza kuchomekwa kwenye swichi zilezile na bado visionane. Fundi huzigawa porti kwa VLAN: uhasibu 20, wanafunzi 30, simu 40, na usimamizi wa swichi zenyewe 10. Kompyuta ya mwanafunzi haiifikii ya mhasibu, hata kama kebo zao zimeingia kwenye swichi moja.

Kuandika VLAN hizo kwenye kila swichi ni kazi ya kuchosha, na kampuni ya Cisco ilibuni VTP ili kuipunguza. Swichi zenye jina moja la kikoa hupeana orodha ya VLAN kupitia tranki, yaani viungo vya swichi kwa swichi vinavyobeba VLAN zote kwa pamoja. Ukiongeza VLAN kwenye swichi iliyo katika hali ya seva, nyingine hujiandikia zenyewe.

Ili kujua orodha ipi ni mpya, swichi hutazama nambari ya marekebisho. Huanzia 0, na hupanda kila VLAN inapoongezwa, inapofutwa au inapobadilishwa jina. Kila baada ya sekunde 300, na papo hapo kukiwa na badiliko, swichi hutangaza nambari yake. Jirani wa kikoa hichohicho mwenye nambari ndogo huomba orodha kamili, huondoa yake, kisha huweka iliyoletwa. Orodha mbili hazichanganywi kamwe. Na nambari yenyewe huhesabu tu orodha imeguswa mara ngapi. Haisemi iliguswa na nani, wala kama ilikuwa kazi halisi au mazoezi.

Sasa tuseme mtandao wa chuo hicho uko kwenye nambari 14. Swichi moja ilitolewa humo zamani ikapelekwa maabara, ambako wanafunzi waliunda VLAN na kuzifuta mara kwa mara. Jina la kikoa halikuguswa. Siku swichi ya ghorofa ya pili inapoharibika, hiyo ya maabara inarudishwa kuziba pengo. Kabla ya kuichomeka, hali yake ingeonekana hivi:

```
show vtp status
VTP Operating Mode        : Server
VTP Domain Name           : CHUO
Configuration Revision    : 61
Number of existing VLANs  : 6
```

Kati ya VLAN hizo 6, tano ni zile zisizofutika ambazo kila swichi huzaliwa nazo: 1 na 1002 hadi 1005. Ya sita ni ya mazoezi. Tranki inapowaka, 61 inaishinda 14. Seva ya chuo yenyewe inaipokea orodha hiyo na kuipitisha mbele, na kwa sekunde chache tu VLAN 10, 20, 30 na 40 hazipo tena jengo zima. Kuiweka swichi hiyo katika hali ya mteja kusingesaidia, kwa sababu mteja mwenye nambari kubwa naye huweza kuieneza orodha yake.

Mtu wa uhasibu anaona mtandao umekatika ingawa kebo ni nzima. Porti yake haikuhamia VLAN 1, kama wengi wanavyodhani. Bado imeandikiwa 20, lakini 20 haipo, kwa hiyo imelala. `show interfaces switchport` huonyesha `Access Mode VLAN: 20 (Inactive)`, na porti hiyo haionekani tena katika `show vlan brief`. Fundi naye hawezi kuingia kwenye swichi akiwa mbali, kwa kuwa VLAN 10 aliyokuwa akipitia imefutwa. Inambidi atembee na kebo ya konsoli.

Kuichomoa swichi ile hakurudishi kitu, maana zote zimeshahifadhi nambari 61. Dawa ni kuziunda upya VLAN kwenye seva. Nambari inapanda juu ya 61, orodha inasambaa, na porti zinaamka zenyewe kwa kuwa maandishi yake hayakufutwa. Tatizo ni kuzikumbuka: katika hali ya seva, VLAN za kawaida hukaa kwenye faili la `vlan.dat`, kwa hiyo nakala ya `running-config` aliyoitunza fundi haina orodha hiyo.

Faili hilohilo ndilo linalowaponza wengi mapema zaidi. Fundi hufuta `startup-config`, huwasha swichi upya na kuamini ni safi, kumbe kikoa na nambari vimebaki. Njia ya hakika ni hii, kabla ya kebo yoyote ya tranki kuguswa:

```
configure terminal
vtp mode transparent
vtp mode server
end
show vtp status
```

Hali ya transparent huirudisha nambari kwenye 0, na mstari wa mwisho ni wa kuthibitisha hilo kwa macho. Naishauri kwa kila swichi iliyowahi kutumika, hata iliyotoka chumba cha jirani.

Toleo la 3 la VTP liliziba sehemu kubwa ya pengo hili: seva moja tu, iliyoteuliwa kwa amri ya `vtp primary`, ndiyo inayoruhusiwa kubadili orodha. Mitandao iliyobaki kwenye toleo la 1 na la 2 haina kinga hiyo.